Kutoa kutu ya waya na sintri kwenye shati jeupe bila kulitoboa

Mtu akiniletea shati jeupe lenye mstari wa kutu, swali langu la kwanza ni moja: umeshalitia javeli, ile dawa ya kupaushia nguo nyeupe? Akisema hapana, najua kazi itaenda vizuri. Akisema ndiyo, nalinyoosha mbele ya dirisha palipo na doa, na mara nyingi naona nyuzi zimeshaanza kulegea. Ninafua na kupiga pasi nguo za watu hapa Katindo, Goma, na kila mwaka shule zinapofunguliwa sare za bluu na nyeupe zinanijia kwa mafungu. Madoa mengine hutoka kwa sabuni na mkono. La kutu halitoki hivyo, na anayelilazimisha hivyo ndiye anayeliharibu shati.

Sababu ni kwamba kutu si uchafu wa kawaida. Uchafu wa mwili una mafuta, nayo sabuni huyashika. Rangi ya chai au ya matunda huvunjwa na javeli. Kutu ni chuma chenyewe, kilichoungana na maji na hewa kikawa unga mwekundu uliojibana katikati ya nyuzi. Sabuni haina cha kukishika. Javeli nayo haiondoi chuma, hukizidisha kutu, na chuma hicho huifanya javeli ichemke kwa nguvu mahali pale pale penye doa, ikale pamba. Niliyaona hayo mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Mteja mmoja alileta shati la mwanawe lenye alama mbili mabegani, nikalilaza kwenye javeli usiku kucha, asubuhi alama ziko palepale, zimekolea zaidi. Nikarudia. Baada ya kufuliwa mara mbili nyingine, shati lilitoboka mahali palepale penye alama, matundu mawili kama ya sigara. Nililinunua shati jipya nikamrudishia.

Kinachoondoa kutu ni ukali wa asidi, na hapa kwetu asidi nzuri kwa pamba nyeupe inauzwa sokoni kwa jina la ndimu.

Kwanza, hakikisha ni kutu

Kutu ya waya ina umbo la waya. Ikiwa shati lilikunjwa juu ya waya wa kuanikia, utaona mstari mwembamba unaokata kifua upande kwa upande, na mara nyingi mgongoni pia, kwa sababu vyote viwili viligusa. Ikiwa ni sintri ya chuma, ile ya kutundikia nguo, alama ziko mabegani, mbili, kulia na kushoto, kwenye ncha ambapo chuma kimepindwa na rangi yake imepasuka. Alama ndogo mbili za mviringo kwenye upindo wa chini zinatoka kwenye chemchemi ya kibanio. Rangi yake ni ya machungwa au ya udongo, nayo katikati hukolea kuliko pembeni.

Mtihani wangu ni tone moja la ndimu. Lowesha doa kwa maji, kamulia tone la ndimu pembeni mwa doa, subiri robo saa. Kutu itapauka pale tone lilipogusa, na ukikandamiza kitambaa cheupe juu yake kitachukua rangi ya njano hafifu. Manjano ya jikoni hayafanyi hivyo. Hayo ukiyagusa kwa sabuni yanageuka mekundu. Maji ya mgomba yanayoacha alama ya kahawia kwenye nguo hayasogei kwa ndimu hata kidogo, kwa hiyo ukiona tone halikufanya kitu, acha mwongozo huu, hilo ni doa lingine.

Kuna kisa kimoja cha kuangalia: kutu iliyochanganyika na grisi, kwa mfano nguo iliyoegemea mlango wa geti au baiskeli. Katikati huwa na weusi unaoteleza. Hapo ndimu itapita juu ya mafuta bila kufika kwenye chuma. Anza na sabuni ya vyombo, sugua taratibu, suuza mpaka utelezi uishe, ndipo uje kwenye kutu.

Unachohitaji

Kwa alama tatu au nne za urefu wa kidole, ndimu nne kubwa zinatosha. Chagua zilizoiva, zenye maji. Zile ndogo ngumu zitakuchosha mkono. Chumvi laini, vijiko viwili vya chakula. Beseni mbili za plastiki, sufuria moja, mbabula au jiko lolote, taulo kuukuu nyeupe, na kitambaa kidogo cha pamba. Usitumie beseni la bati lililochunika wala sufuria yenye kutu, maana ndimu itakichukua chuma cha beseni na kukihamishia kwenye shati.

Ndimu ina asidi ya sitriki, kama gramu tano au sita hivi katika kila gramu mia za maji yake. Ukipata asidi ya sitriki ya unga, ile wanayotumia watengeneza juisi, kijiko kimoja cha chakula kilichojaa sawasawa ndani ya robo lita ya maji ya moto kinakupa ukali wa karibu sawa na ndimu. Faida yake ni kwamba haina sukari, na utaona baadaye kwa nini hilo lina maana. Siki nyeupe inafanya kazi pia lakini polepole. Mimi naitumia kwa kusuuza tu.

Maji ya Goma yanataka neno lake. Maji mengi tunayotumia, yawe ya bomba au ya bidoni, yanatoka Ziwa Kivu, na maji ya ziwa hili yana tabia ya magadi. Magadi na ndimu ni maadui: kimoja kinaua nguvu ya kingine. Ndiyo maana mtu anayekamua ndimu mbili kwenye beseni iliyojaa maji ya ziwa na kulitumbukiza shati humo haoni badiliko lolote. Ndimu yote imekwisha kazi kwa kupigana na maji. Kamulia ndimu moja kwa moja juu ya doa, bila kuizimua. Na ukitaka maji ya mvua badala ya ya ziwa, yasitoke kwenye bati lenye kutu, kwa sababu hayo yameshabeba chuma.

Shati moja, tangu asubuhi hadi kesho yake

Nitaeleza kwa shati moja lililonijia mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Lilikuwa la shule, pamba iliyochanganywa na nailoni ngumu ile ya mashati ya dukani, kola nzuri, mifuko miwili. Mama wa mtoto alikuwa amelianika Ijumaa jioni kwenye waya wa uani, mvua ikanyesha usiku, akaliacha mpaka Jumamosi. Lilipokauka lilikuwa na mstari kifuani wa urefu wa kiganja na nusu, na alama mbili mabegani, kwa sababu baada ya waya alilitundika kwenye sintri likiwa bado na unyevu.

"Mama, sikutia kitu," akaniambia. "Nililifua tena na sabuni tu, ikakataa."

"Ni vizuri hivyo, mama. Niachie mpaka kesho jioni."

Hatua ya kwanza ni kuondoa sabuni. Watu wanashangaa nikisema hivyo, lakini sabuni iliyobaki kwenye nguo ni ya upande wa magadi, na ikikutana na ndimu inaganda kuwa utando mweupe unaoteleza, unaofunika doa. Nilisuuza shati mara mbili kwa maji matupu, nikalikamua, nikaliacha likiwa na unyevu bila kudondosha maji.

Halafu nikajaribu ndimu mahali pasipoonekana, ndani ya upindo wa chini. Kwa shati jeupe tupu hilo karibu si lazima, lakini shati la shule lina beji, na uzi wa beji hauaminiki. Kama beji iko karibu na doa, ifumue na kuiondoa kwanza. Hili beji yake ilikuwa mfukoni, mstari ulipita chini yake kama vidole vitatu, nikaiacha.

Saa tatu asubuhi nililaza taulo kuukuu juu ya meza uani, shati juu ya taulo, doa likitazama juu. Kwenye kikombe nilichanganya maji ya ndimu mbili na kijiko kimoja na nusu cha chumvi, mpaka ikawa mchanganyiko wenye chembechembe. Nikaupaka juu ya mstari na alama zote, kupita kidogo nje ya kingo. Kazi ni ya ndimu. Chumvi inafanya mchanganyiko ukae mahali pake na kuvuta unyevu usiondoke upesi. Usisugue kwa chembe za chumvi, kwa sababu zitakwaruza nyuzi, na doa likitoka litaacha mahali penye manyoya.

Kisha jua. Wengi wanadhani jua linahitajika kwa joto lake, na joto linasaidia kweli. Lakini mwanga wenyewe una kazi yake. Chuma kilichoshikwa na asidi ya ndimu kikipigwa na mwanga hugeuka kuwa aina ya chuma inayoyeyuka kwa wepesi zaidi, hivyo kinatoka kwenye nyuzi. Ndiyo sababu shati lililopakwa ndimu na kuwekwa ndani, hata karibu na jiko, linachelewa kuliko lililowekwa nje. Goma iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na jua letu la asubuhi kabla mawingu hayajafunga lina nguvu ya kutosha. Likipatikana la saa tatu mpaka saa sita, litumie.

Sharti moja: doa lisikauke. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanapaka ndimu, wanaanika kwenye jua, wanaenda zao sokoni, wanarudi wamekuta ganda kavu la chumvi na mduara wa njano umezunguka mahali doa lilipokuwa. Chuma kilikuwa kimeyeyuka, maji yakakauka, chuma kikasafiri pamoja na unyevu mpaka pembeni, kikatua huko. Mimi nilikaa karibu na kila dakika kumi nikadondosha maji ya ndimu juu ya kila alama. Kwa saa nzima nilitumia ndimu ya tatu yote.

Saa nne na nusu hivi alama za mabegani zilikuwa zimebaki kivuli. Mstari wa kifuani ulipauka kutoka rangi ya machungwa hadi rangi ya chai ya maziwa. Nikasuuza.

Na kusuuza huku kuna utaratibu. Chuma kilichoyeyuka bado kimo ndani ya kitambaa, kimeshikwa na ndimu. Ukikimwagia maji ya sabuni au ya magadi wakati huo, ndimu inakufa nguvu, na chuma kinarudi kuwa kutu, safari hii kimetawanyika sehemu kubwa zaidi, rangi ya krimu shati zima. Kwa hiyo maji ya kwanza nayatia siki, nusu kikombe kwa beseni ya lita tatu hivi, nalikandamiza shati humo mara kumi au kumi na tano, namwaga. Baada ya hapo maji matupu mara tatu, kila mara mapya. Mpaka hapo hakuna sabuni.

Kwa alama za mabegani raundi ya pili ya jua ilitosha, dakika arobaini. Kwa mstari wa kifuani nilitumia mvuke. Chemsha maji kwenye sufuria mpaka yafure vizuri. Nyoosha sehemu yenye doa juu ya mdomo wa sufuria, ukishika kitambaa pande zote mbili mbali na mvuke ili usiungue, au ukikifunga kwa mpira kuzunguka mdomo wa sufuria ndogo kama ngoma. Kamulia ndimu tone kwa tone juu ya doa huku mvuke ukipanda kutoka chini. Joto na asidi vinakutana ndani ya nyuzi. Baada ya dakika tano utaona rangi ikiondoka kwa macho yako, na ukipangusa kwa kitambaa cheupe kitachukua njano. Suuza kama mwanzo, tazama, rudia. Mstari ule ulihitaji mara tatu za dakika tano, na ndimu ya nne ikaisha.

Jioni niliutazama mbele ya dirisha. Kifuani palikuwa peupe. Kwenye mshono ulioko ukingoni mwa mfuko palibaki nukta mbili za njano, kwa sababu pale kitambaa kimekunjwa mara tatu na chuma kimejificha ndani. Hapo ndipo asidi ya sitriki ya unga inaposhinda ndimu: nilichovya ukingo wa mfuko peke yake kwenye kikombe cha mchanganyiko wa moto nilioueleza hapo juu, nikauacha nusu saa, nikausuuza. Nukta moja ikaondoka. Ya pili ilipauka, ikabaki, na nilimwambia mama yake ukweli kwamba ipo.

Siku ya pili asubuhi, baada ya kuwa na hakika kwamba asidi yote imetoka, ndipo nikalifua kwa sabuni kama nguo yoyote, nikalisuuza na kulianika kwenye kamba ya plastiki.

Usiguse pasi mapema

Kama kuna jambo ningeomba lisisahaulike ni hili. Pasi usiipitishe juu ya doa la kutu kabla halijaisha, na usiipitishe juu ya mahali palipopakwa ndimu kabla hapajasuuzwa mara nyingi. Watoto wanaujua mchezo wa kuandika kwa ndimu kwenye karatasi: maandishi hayaonekani, ukipasha karatasi moto yanatokea ya kahawia. Shati ni karatasi hiyo hiyo. Sukari na asidi ya ndimu iliyobaki huungua chini ya pasi na kutoa doa la kahawia ambalo mtu atasema ni kutu imerudi. Zaidi ya hapo, asidi iliyokaukia kwenye pamba na kupashwa moto hukata nyuzi taratibu. Shati linaonekana zima, kisha linachanika begani wiki ya tatu.

Namna ya kujua kama umesuuza vya kutosha ni rahisi: bana sehemu ile kwa vidole, ikamue, gusa tone lake kwa ncha ya ulimi. Ukisikia uchachu, rudi kwenye beseni. Mtihani huu ni kwa ndimu, siki na asidi ya sitriki tu. Dawa nyingine ya kutu usiiweke karibu na mdomo.

Vitu ambavyo sivitumii

Javeli na ndimu kwa pamoja ni hatari kwa anayefua. Vikikutana hutoa hewa ya klorini, yenye harufu kali inayochoma macho na kifua, na ndani ya chumba kidogo cha kufulia inaweza kumdhuru mtu vibaya. Hata javeli iliyobaki kwenye nguo inatosha kuanzisha hilo. Kama shati lilitiwa javeli jana, lifue kwa sabuni, lisuuze mara nne, lifanyie kazi uani, nje.

Maji ya betri ya gari: nimesikia watu wakishauriana hivyo. Ni asidi kali sana, huigeuza pamba nyeusi na kuitoboa, na huchoma ngozi. Kutu itatoka pamoja na kitambaa.

Kuna dawa za kutu za unga mweupe, asidi ya oksaliki, ambayo mafundi wa mbao huitumia kupaushia ubao. Inatoa kutu kuliko ndimu, sitakataa. Lakini ni sumu ukiimeza, inaonekana kama chumvi au sukari, na nyumba yangu ina wajukuu. Anayeitumia avae glavu, aitumie siku hiyo hiyo na asiiache kwenye chupa ya maji wala kikombe cha jikoni. Na dawa ya maji isiyo na karatasi ya maelezo, inayouzwa kwa kupimiwa kwenye chupa kuukuu, iache. Baadhi ya dawa za kutu zina asidi inayopenya ngozi bila kuumiza mara moja, maumivu yanakuja baada ya saa nyingi wakati madhara yameshaingia ndani.

Hariri na sufu usiviweke kwenye mvuke wala chumvi. Ndimu kidogo na maji baridi, dakika tano, suuza. Nguo ya rangi au yenye michoro, kama kitenge cheupe chenye maua, ijaribu kwanza kwenye upindo, kwa sababu ndimu na jua hupausha rangi. Doa la miaka kadhaa nalo lina mpaka wake. Bana kitambaa kwa vidole gumba viwili, upande huu na huu wa doa, vuta kidogo. Ukisikia kinaachia kama karatasi iliyolowa, nyuzi zimekwisha. Ndimu itaondoa rangi na kubakiza tundu. Shati la namna hiyo namrudishia mwenyewe kabla sijaligusa, ili aamue.

Waya wa Goma

Waya wa kuanikia unaouzwa ukiwa unang'aa umepakwa zinki. Zinki ndiyo inayokinga chuma, na ikiisha chuma kinabaki uchi. Hapa kwetu inaisha upesi. Volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira hutoa hewa yenye salfa, hewa hiyo ikichanganyika na mawingu mvua inakuwa na uchachu, na uchachu huo unaila zinki ya mabati na ya nyaya zetu. Mtu wa Goma anaujua mwendo wa bati la nyumba yake kutoka jeupe hadi jekundu. Waya wa uani unafuata mwendo huo huo, ila hakuna anayeutazama. Ongeza kwamba nguo haikauki upesi msimu wa mvua, ikilala juu ya waya usiku mzima ikiwa imelowa. Chuma, maji na muda wa kutosha: alama inajichora.

Kamba ya plastiki ndiyo dawa. Kwa asiyeweza kuubadilisha waya, bomba jembamba la plastiki, lile la kumwagilia, likipasuliwa kwa urefu na kuvikwa juu ya waya linakinga nguo vizuri, ila lisibaki wazi sehemu yoyote, maana maji yataingia hapo na kukaa. Sintri za chuma nazivisha vipande vya soksi kuukuu mabegani na kuvishona, na hata hivyo situndiki shati juu yake mpaka limekauka kabisa. Vibanio vya chemchemi navibana kwa ncha ya plastiki tu, chemchemi ikiwa mbali na kitambaa.

Kabla ya kuanika nguo nyeupe kwenye waya usioujua, lowesha kitambaa cheupe, ukunje juu ya waya, ukibane kwa ngumi na utembee nao kutoka nguzo hadi nguzo. Kisha ukifungue. Kikiwa na mstari wa machungwa, usianike hapo.